Sentimita 15 za maji ya dafu

Anayekunywa dafu kwa mrija huyapandisha maji sentimita 15 hivi kabla hayajafika mdomoni. Mashavu yanabonyea kidogo, hewa ndani ya mrija inapungua, na hewa ya nje, ambayo muda wote inaukandamiza uso wa maji mle ndani ya nazi, inayasukuma juu. Hakuna anayeihesabu kuwa ni kazi. Mtoto wa miaka mitatu anaiweza.

Tofauti hiyohiyo ya mgandamizo, wala si kubwa kuliko hiyo, ndiyo inayoishika angani Cessna 208B Grand Caravan, ile ndege ya injini moja ambayo abiria wengi wa kati ya Dar es Salaam na Zanzibar wamewahi kupanda. Ikiwa imejaa watu, mizigo na mafuta, Caravan huruhusiwa kuruka na uzito wa kilo 3,969, karibu tani 4. Mabawa yake kwa pamoja yana eneo la takriban mita za mraba 26. Ukigawa uzito kwa eneo, kila mita ya mraba ya bawa inabeba kama kilo 150. Kwa vipimo vya wanafizikia hizo ni paskali 1,500, na safu ya maji yenye kimo cha sentimita 15 inakandamiza kwa paskali 1,500.

Lililo gumu kuamini si ukubwa wa nguvu hiyo, ni udogo wake. Hewa iliyotulia, kwenye kimo cha mita 600 juu ya mkondo wa Zanzibar, inakandamiza kila kitu kwa paskali 94,000 hivi, sawa na tani 9 na nusu kwa kila mita ya mraba. Inalikandamiza bawa kutoka chini, na inalikandamiza kutoka juu vilevile. Misukumo hiyo miwili inapolingana, bawa halibebi kitu. Ili ndege ibaki juu inatosha msukumo wa upande wa juu upungue kwa sehemu 1.6 tu katika 100. Bawa halivutwi na chochote kule juu, kwa kuwa hewa haina uwezo wa kuvuta. Linasukumwa na hewa ya chini, ambayo haipati tena upinzani uleule kutoka upande wa pili.

Swali ni jinsi hewa ya juu inavyopoteza hizo paskali 1,500. Kila aliyesoma fizikia ya sekondari anakumbuka jibu: hewa ya juu ya bawa hukimbia zaidi, na hewa inayokimbia hupungukiwa na mgandamizo. Jibu hilo ni la kweli. Sababu wanayopewa wanafunzi wengi ya kwa nini hewa hiyo hukimbia ndiyo isiyo ya kweli, na kosa lake linaonekana mara tu mtu anapochukua kalamu na kukokotoa.

Uhusiano wa kasi na mgandamizo ulichunguzwa na Daniel Bernoulli, mwanahisabati Mswisi aliyesomea pia udaktari. Alichapisha kitabu chake cha mwendo wa maji mwaka 1738. Mwenzake Leonhard Euler ndiye aliyeuandika mlinganyo kwa sura tunayoitumia leo:

```
p + ½ρv² + ρgh = thabiti
```

Herufi p ni mgandamizo, ρ ni uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa kwa kilo, v ni kasi yake, g ni mvutano wa dunia na h ni kimo. Kwa lugha ya nyumbani, huu ni daftari la matumizi ya nishati. Mita moja ya ujazo ya hewa inayotiririka ina akiba ya namna tatu: iliyomo katika mgandamizo, iliyomo katika mwendo, na iliyomo katika kimo. Akiba ya namna moja ikiongezeka, nyingine lazima ipungue, maana hakuna aliyetia wala aliyetoa. Kwenye bawa la ndege kimo hakina uzito katika hesabu. Hewa inayopanda sentimita 30 kupita mgongo wa bawa hubadilika kwa paskali 3 tu kwa sababu ya kimo, na 3 mbele ya 1,500 ni sawa na bure. Zinabaki mbili, mgandamizo na mwendo, zikibadilishana.

Si vigumu kuona kwa nini zinabadilishana. Chukua donge la hewa linalotoka mahali penye mgandamizo mkubwa kuelekea penye mgandamizo mdogo. Nyuma yake linasukumwa kwa nguvu, mbele yake linazuiwa kwa nguvu ndogo zaidi, basi lazima liongeze mwendo. Likirudi penye mgandamizo mkubwa linasukumwa kinyumenyume na kupunguza mwendo. Ni kama baiskeli isiyopigwa pedali: bondeni inakimbia, mlimani inachoka.

Rubani wa Caravan anautumia mlinganyo huu kila dakika ya safari, hata pale asipoukumbuka. Chini ya bawa kuna mrija mwembamba ulioelekezwa mbele. Unaitwa mrija wa Pitot, kwa jina la mhandisi Mfaransa Henri Pitot, ambaye mwaka 1732 alitumia mrija wa namna hiyo kupima mwendo wa mto Seine huko Paris. Hewa inayoingia kwenye tundu lake haina pa kutokea, hivyo inasimama. Mwendo wake wote unageuka kuwa mgandamizo. Kifaa kinalinganisha mgandamizo huo na ule wa hewa ya kawaida pembeni mwa ndege, na tofauti ya hiyo miwili ndiyo inayosogeza mshale wa kasi mbele ya rubani. Kwa ndege inayokwenda mita 75 kwa sekunde, yaani kilomita 270 kwa saa, katika hewa yenye uzito wa kilo 1.1 kwa mita ya ujazo, tofauti hiyo ni paskali 3,090 hivi.

Bawa linafanya kinyume cha mrija. Mrija unasimamisha hewa na kupata mgandamizo. Mgongo wa bawa unaikimbiza hewa na kuupoteza. Tuseme, kwa kurahisisha, kwamba hewa ya chini ya bawa inapita kwa mwendo uleule wa mita 75 kwa sekunde. Kila mita ya ujazo ina nishati ya mwendo ya jouli 3,090. Hewa ya juu inatakiwa iwe na mgandamizo pungufu kwa paskali 1,500, na paskali moja ni jouli moja kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo nishati yake ya mwendo lazima ifike jouli 4,590. Kasi inayotoa kiasi hicho ni mita 91 na ushee kwa sekunde. Basi Caravan iliyojaa inabebwa na hewa ambayo juu ya bawa inapita, kwa wastani, kwa kasi inayozidi ile ya chini kwa karibu sehemu 22 katika 100.

Wastani huo unaficha jambo moja. Hewa haikimbii kwa kiasi sawa kuanzia mbele ya bawa hadi nyuma. Kasi kubwa zaidi iko karibu na ukingo wa mbele, katika robo ya kwanza ya upana wa bawa, kisha inapungua polepole kuelekea nyuma. Abiria wa ndege kubwa anayekaa dirishani nyuma ya bawa anaweza kuliona hilo kwa macho. Siku yenye unyevu mwingi, ndege ikikaribia kutua, utando mweupe kama moshi huonekana ukicheza juu ya mgongo wa bawa. Huo si moshi. Mgandamizo umeshuka ghafla, hewa imetanuka na kupoa, na mvuke uliomo umegeuka kuwa matone madogo.

Sasa lile kosa. Mafundisho mengi yanasema kuwa mgongo wa bawa umebinuka, hivyo njia ya juu ni ndefu kuliko ya chini. Hewa iliyogawanyika mbele ya bawa lazima ikutane tena nyuma kwa wakati mmoja. Basi ya juu hukimbia ili isiachwe. Maelezo hayo yanaingia akilini kirahisi, na ndiyo maana yamedumu. Tuyapime kwa Caravan yetu. Njia ya juu ya bawa la aina hiyo inazidi ya chini kwa sehemu chache sana katika 100. Tuipe 3. Hewa ya juu ingekwenda mita 77.25 kwa sekunde badala ya 75, tofauti ya mgandamizo ingekuwa kama paskali 190, na mabawa yote mawili yangebeba karibu kilo 500. Caravan tupu, bila abiria hata mmoja, ina uzito unaozidi kilo 2,000. Isingeondoka ardhini.

Hakuna sheria yoyote inayozilazimisha hewa hizo mbili zikutane. Mwaka 2003 Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika kwa ajili ya walimu wa fizikia, akionyesha moshi unaopulizwa kwa mapigo mbele ya kielelezo cha bawa. Kila pigo linagawanyika likifika bawani, nusu ikipita juu na nusu chini. Nusu ya juu haisubiri mwenzake. Inafika ukingo wa nyuma mapema, na inaendelea na safari huku ya chini ikiwa bado njiani. Yaani hewa ya juu hukimbia zaidi kuliko hata nadharia ile ya makutano ilivyodai.

Watu wa pwani wangeweza kulikataa somo hilo bila moshi wa maabara. Tanga la jahazi ni kitambaa kimoja, na upande wake wa joshi una urefu uleule na upande wa demani. Hakuna njia ndefu wala fupi. Hata hivyo chombo kinapobisha, yaani kinaposonga pembepembe kuelekea upepo unakotoka, tanga hilo linafanya kazi ya bawa lililosimamishwa wima: hewa inapita kasi zaidi upande wa demani, mgandamizo unashuka huko, na nguvu inayopatikana inakivuta chombo mbele. Kama nguvu hiyo ingetoka kwenye urefu wa njia, hakuna ngalawa ambayo ingewahi kubisha.

Kinachofanana kati ya tanga na bawa ni mkunjo. Vyote viwili vinailazimisha hewa igeuze njia yake, na hapo ndipo chanzo kilipo.

Jiwe linalozungushwa kwa kamba hufuata duara kwa sababu kamba inalivuta kuelekea katikati. Kamba ikikatika, jiwe linakwenda moja kwa moja. Hewa nayo haikunji njia bila kulazimishwa, na kwa kuwa haina kamba, kinachoweza kuikunja ni tofauti ya mgandamizo tu: lazima isukumwe zaidi kutoka upande wa nje wa kona kuliko upande wa ndani. Juu ya bawa, upande wa nje ni anga lenye mgandamizo wake wa kawaida. Upande wa ndani ni ngozi ya bawa. Hewa ikifuata ule mgongo uliobinuka na kuteremka kuelekea nyuma, basi mgandamizo kwenye ngozi ya bawa lazima uwe mdogo kuliko wa anga. Na mgandamizo ukiwa mdogo pale, hewa inayokuja kutoka mbele inaelekea bondeni, kwa hiyo inaongeza mwendo, kwa kiasi kilekile ambacho mlinganyo wa nishati unakitaja.

Mpangilio huo wa sababu ni muhimu kuushika. Mlinganyo hausemi kipi kilitangulia, kasi au mgandamizo. Unasema tu kwamba ukikijua kimoja umekijua na kingine. Umbo la bawa, pembe yake kwa upepo na ukingo wake mkali wa nyuma, ambao hewa inauacha ikielekea chini, ndivyo vinavyoamua hewa ipite vipi.

Jaribio la karatasi linaweka jambo hili wazi. Ukishika ukingo wa ukanda wa karatasi chini ya mdomo, karatasi ikining'inia kwa mkunjo, kisha ukapuliza juu yake, inanyanyuka. Walimu wengi husema imenyanyuka kwa sababu pumzi inakimbia. Sasa iache karatasi ining'inie wima kabisa na upulize kwenda chini upande mmoja. Pumzi ni ileile, kasi ni ileile, lakini karatasi haitambai kuelekea pumzi. Hewa inayotoka mdomoni ina mgandamizo karibu sawa na wa chumba, na mwendo wake imepewa na mapafu. Haikuulipia kwa mgandamizo wake, basi haiwezi kulinganishwa na hewa iliyotulia upande wa pili kana kwamba zina daftari moja. Karatasi ya kwanza ilinyanyuka kwa sababu pumzi ilifuata mkunjo.

Hewa iliyogeuzwa kwenda chini ndiyo upande wa pili wa hesabu. Huwezi kusukumwa juu bila kusukuma kitu chini. Caravan ina mabawa yenye urefu wa karibu mita 16 kutoka ncha hadi ncha, na kwa hesabu inayotumiwa na wahandisi ni kana kwamba inashika bomba la hewa lenye kipenyo hicho. Kwa kasi ya mita 75 kwa sekunde, bomba hilo linapitisha tani 16 za hewa kila sekunde. Ili kubeba tani 4 inatosha hewa hiyo yote isukumwe chini kwa mita 2.4 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Wanaobishana kama ndege inabebwa na Bernoulli au na Newton wanabishania jengo moja lililotazamwa kutoka milango miwili. Ukijumlisha mgandamizo juu ya ngozi yote ya bawa, au ukipima hewa iliyosukumwa chini, unapata jibu lilelile.

Ubora wa mfano wa baiskeli ni kwamba unaonyesha pia mahali hatari ilipo. Hewa iliyoteremka bondeni mbele ya bawa inapaswa kupanda tena, kwa sababu nyuma ya bawa mgandamizo unarudi kuwa wa kawaida. Hewa iliyo mbali kidogo na ngozi inapanda bila shida, kwani akiba yake ni kamili. Ila ile inayogusa ngozi imesuguana nayo, na sehemu ya nishati yake imegeuka joto. Hapo daftari la Bernoulli halisomeki tena, kwa kuwa kuna kilichotoka. Katika safari ya kawaida tabaka hilo ni jembamba na linaburutwa na hewa ya juu yake. Lakini rubani akiinua pua ya ndege, bonde linakuwa refu zaidi kwenda chini na mlima wa nyuma unakuwa mkali. Bawa likifika pembe ya digrii 15 au zaidi kidogo dhidi ya upepo, hewa ya karibu na ngozi inashindwa kupanda. Inasimama, inarudi nyuma, na mkondo wote wa juu unabanduka kutoka kwenye bawa. Mkunjo ukipotea, mgandamizo mdogo nao unapotea, na ndege inaanza kuzama.

Rubani anapewa dalili kabla. Usukani unatetemeka au unalegea, ndege inatikisika kwa sababu hewa iliyobanduka inagonga mkia, na honi inalia. Dawa yake inakwenda kinyume na silika ya mtu anayeona anaanguka: ni kushusha pua, ili hewa ilishike bawa tena.

Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France safari namba 447, iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, iliingia kwenye mawingu ya fuwele za barafu juu ya Atlantiki. Barafu iliziba mirija ya Pitot kwa muda mfupi, vipimo vya kasi vikaharibika, na mtambo wa kujiendesha ukajitoa. Ndege yenyewe ilikuwa nzima. Rubani aliyeshika usukani aliinua pua, mabawa yakapita pembe yao, na onyo likalia mara kwa mara. Pua haikushushwa vya kutosha. Katika kushuka kule pembe ya mabawa dhidi ya upepo ilizidi digrii 35, injini zikifanya kazi. Kutoka kimo cha futi 38,000 hadi baharini ilichukua dakika kama tatu na nusu. Watu wote 228 walikufa.

Kasi katika mlinganyo ule imezidishwa kwa yenyewe, na hilo ndilo linalotawala kupaa na kutua. Kasi ikipungua kwa nusu, uwezo wa hewa unabaki robo. Ndiyo sababu Caravan inayokaribia uwanja wa Zanzibar inashusha flapu, vile vibawa vya ukingo wa nyuma, kabla ya kupunguza mwendo: zinazidisha mkunjo na kulitanua bawa. Flapu zikiwa zimeshuka kabisa, ndege hiyo inaweza kupunguza mwendo hadi takriban kilomita 113 kwa saa kabla bawa halijaachia.

Herufi ρ nayo ina neno lake, na marubani wa Nairobi wanalijua vizuri kuliko wa pwani. Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzijoto 25, mita moja ya ujazo ya hewa pale ina uzito usiofika kilo 1, wakati Dar es Salaam kwenye nyuzijoto 30 ina kilo 1.16. Ili bawa lilelile libebe tani zilezile, Caravan ya Wilson inahitaji kasi kubwa zaidi kwa sehemu 10 hivi katika 100, na umbali wa kuifikia kasi hiyo unaongezeka maradufu ya kiwango hicho, hata kabla ya kuhesabu kwamba injini na panga boi nazo zinakula hewa hiyohiyo nyepesi.

Mshale wa kasi hauonyeshi tofauti hiyo. Mrija wa Pitot unapima nusu ya ρ mara v kwa v, kipimo kilekile kinacholinyanyua bawa, na hewa nyepesi inaudanganya kwa kiasi kilekile inachoninyima bawa. Rubani anayejua kuinua pua kwenye namba fulani Dar es Salaam anainua kwenye namba hiyohiyo Wilson, na bawa linamkubalia. Magurudumu tu ndiyo yanayozunguka kasi zaidi, na mstari wa mwisho wa barabara ya kurukia unakuja mapema kuliko alivyozoea.